Salamu Fupi za Waheshimiwa

Picha ya ratiba ya mazishi imeshafika kwenye simu zote za Ukunda. Saa 2:00 asubuhi mwili kutoka mochari, Msambweni. Saa 4:00 ibada. Saa 5:00 wasifu wa marehemu. Saa 5:10 salamu za viongozi, dakika tano, wote pamoja. Hapo ndipo kamati ilipojidanganya. Mwakilishi wadi peke yake humaliza hizo tano akiwatambua waheshimiwa wenziwe, ndipo akumbuke barabara. Mbunge naye huingia katikati ya mahubiri, na mchungaji humpisha. Maziko yameandikwa saa 7:00. Majirani Waislamu, wasiochapisha ratiba, huswalia jeneza baada ya adhuhuri, wakazika, wakarudi. Nyinyi wachimba kaburi, njooni saa tisa.