Joho la Kubandika

Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma asiyefika kwenye mahafali Chimwaga hutunukiwa shahada yake asipokuwepo, kwa hiyo picha aliyovalishwa joho studio haidanganyi kuhusu elimu. Inadanganya kuhusu nauli tu. Watakaosema huko ni kughushi wakumbuke kwamba mwajiri huomba cheti, haombi fremu ya sebuleni. Ninachomlaumu fundi wa picha ni uvivu. Huchukua joho lililokatwa kwenye picha ya mtu mwingine, akalibandika chini ya kidevu, basi. Uso umepigwa mwanga wa dirisha la kushoto, joho linang'aa kulia, na kofia, bila kivuli hata chembe kwenye paji, inaelea kama ungo wa mchawi. Apindue joho upande wa mwanga, aweke kivuli laini chini ya ukingo wa kofia na kingine shingoni, kazi imekwisha. Ila akilipindua, achunguze nembo: maandishi yatasomeka kinyumenyume. Na rangi za joho ni za chuo husika. Akizikosea, mama hatagundua, ila jirani aliyesoma hapo atagundua kabla hajamaliza chai. Ndugu mteja, usilipe kabla hujakagua nembo.