Posa ya Fumbo

Ujumbe umeingia LinkedIn: "Habari ndugu, nina nafasi ya Meneja wa Fedha, kampuni kubwa. Tuma wasifu, mshahara wako wa sasa na wadhamini watatu." Kampuni gani? Siri. Mji? Siri. Malipo? "Manono." Mshenga anaficha jina la bwana harusi, ila bibi harusi ataje mpaka akiba yake ya benki!

Wenye pupa hutuma vyote kabla chai haijapoa. Kumbe wakati mwingine hiyo "kampuni kubwa" ni hiyo hiyo inayowalipa, na wasifu unatua mezani kwa bosi wao.

Mjibu wakala huyo kwa tabasamu: "Asante kwa kunifikiria, nafasi inanivutia. Kwanza naomba kujua: mwajiri amekukabidhi kazi hii rasmi, au bado unakusanya wasifu? Kituo kiko wapi, na mshahara uliotengwa ni kati ya ngapi na ngapi? Naomba pia wasifu wangu usifike kwa mwajiri yeyote kabla hujanitajia jina lake nami nikakubali."

Kuficha jina mwanzoni si kosa. Pengine anayekikalia kiti hicho hajui kwamba kinanadiwa. Lakini wakala aliyetumwa kweli hashindwi kutaja mji na kiwango. Mshahara wako wa sasa uache kando, maana ukiutaja, ofa itapimwa kwa huo badala ya uzito wa kazi. Wadhamini nao wasubiri usaili.

Akirudia "tuma kwanza, tutaongea", huyo hana nafasi. Ana kapu la wasifu.