Namna ya Kuugeuza Mhuri wa Chifu Kuwa Yai

Mwombaji basari anayejua kazi yake hapigi picha za stakabadhi juu ya meza nyeupe. Hutandika leso chini ya mwembe, saa sita ya mchana, akainama mpaka kivuli cha kichwa chake kikae sawasawa juu ya nambari ya usajili. Ndivyo alivyofanya mama mmoja wa Msambweni aliyeingia katika saiba yangu hapa Ukunda na picha 14 kwenye simu. Kulikuwa na fomu ya kurasa sita, kitambulisho mbele na nyuma, kisha cheti cha kuzaliwa, matokeo ya mtihani, barua ya chifu, barua ya kuitwa shuleni na kurasa mbili za karo. Jina la leso lilisomeka vizuri kuliko jina la mtoto.

"Mwanangu, wanataka iwe kitu kimoja," akasema. Kwa maneno ya waliomtuma, kitu kimoja ni faili la PDF lisilozidi megabaiti 5, kila ukurasa uwe A4 wenye pambizo. Msomaji, ukitaka kuliharibu faili kama hilo bila kutoka jasho, nifuate.

Kwanza, zipe picha majina ya 1, 2, 3 mpaka 14, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Kompyuta ikipanga kwa herufi itaanza na 1, irukie 10, 11, 12, 13 na 14, ndipo ikumbuke 2. Kwa hiyo afisa atasoma ukurasa wa kwanza wa fomu, kisha matokeo, barua ya chifu na karo yote, halafu arudishwe kwenye ukurasa wa pili wa fomu. Ni kama matatu iliyotoka Likoni, ikafika Lungalunga, kisha ikarudi Ukunda kuchukua abiria. Wasiopenda safari ndefu huandika 01, 02, 03, basi. Wakishafanya hivyo huhakikisha pia kwamba mafaili yote yanaishia kwa `.jpg`, kwa sababu kwenye Linux lile lililoandikwa `.JPG` huachwa nje kimyakimya, na hakuna atakayegundua mpaka siku ya kuulizwa cheti kiko wapi.

Pili, usijisumbue kuuliza picha itakaaje ndani ya karatasi. Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo tutakaa kidogo.

A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa 297. Ukiacha sentimita 2 kila upande, kinabaki chumba cha 170 kwa 257. Picha ya simu kwa kawaida ina uwiano wa tatu kwa nne, na chumba hiki ni kirefu zaidi ya hapo. Kwa hiyo ikiingia bila kuumizwa, picha itajaza upana wote wa 170, urefu wake utafika kama 227, na juu na chini patabaki weupe wa ziada. Weupe huo ndio unaowakera watu. Wanaona karatasi inapotea bure, kwa hiyo wanachagua kuinyoosha picha ijae chumba. Programu ninayotumia, `img2pdf`, inakuruhusu kosa hilo kwa neno `exact`. Uso wa mtoto kwenye picha ya pasipoti unarefuka kama amepata habari mbaya, na mhuri wa chifu, ambao Mungu na mchonga mihuri waliuumba mviringo, unakuwa yai. Nami hapo ndipo ninapotazama kabla ya kutuma chochote: mhuri ukiwa yai, mtu amenyoosha.

Mwenye tamaa zaidi huchagua `fill`. Huyu hanyooshi. Huikuza picha mpaka urefu ufike 257, na upana ukifika 193 hajali. Picha inamwagika nje ya chumba kwa milimita 11 na ushee kila upande, ikila pambizo hadi zibaki karibu 9. Kwenye kioo inapendeza sana. Shida huja na mashine ya kutoboa karatasi. Kwa kipimo cha kawaida, kitovu cha tundu huwa milimita 12 kutoka ukingoni na tundu lenyewe lina upana wa 6, yaani linaanza kwenye 9 na kuishia kwenye 15. Saini iliyokaa upande wa kushoto inatoboka katikati. Ndiyo sababu nang'ang'ania sentimita 2. Na anayeacha pambizo sifuri aelewe kwamba printa nyingi za ofisini haziwezi kuchapa zile milimita nne hivi za ukingoni, hata umbembeleze vipi mwenye printa.

Neno la watu waungwana ni `into`: picha iingie yote, uwiano wake usiguswe, panapobaki weupe pabaki.

Kitambulisho nacho kina vituko vyake. Mama alikuwa amekikata kwenye simu mpaka ukingoni kabisa, kadi tupu. Programu ikaambiwa ijaze chumba, ikaona picha ni ya kulala, ikalaza na ukurasa, kisha kadi ya milimita 86 ikawa 257. Mara tatu! Mwenye kitambulisho akatokea kama mgombea kwenye bango la barabarani. Dawa yake haihitaji amri yoyote: weka kadi juu ya karatasi nyeupe ya A4, piga picha ya karatasi nzima, na kadi itabaki karibu na ukubwa wake.

Tatu, kwa anayependa kukataliwa, ni uzito. Picha zake zilikuwa za megabaiti 4 kila moja, jumla 56, na `img2pdf` haipunguzi kitu. Inazifunga jinsi zilivyo, bila kupoteza hata chembe ya ubora, hata kivuli cha kichwa. Kwa hiyo nilizipunguza kwanza kwa ImageMagick:

```
mkdir ndogo
magick mogrify -path ndogo -auto-orient -resize "1600x1600>" -quality 75 *.jpg
img2pdf --pagesize A4 --auto-orient --fit into --border 2cm -o basari.pdf ndogo/*.jpg
```

Ule `-path ndogo` usiusahau. Bila huo, `mogrify` inaandika juu ya picha zenyewe, na asili huzioni tena. Nani alinifundisha hilo, tuache. Pikseli 1200 za upana zikitandazwa kwenye milimita 170 ni kama nukta 179 kwa inchi, zinazotosha herufi za fomu kusomeka, na picha zake zikashuka hadi kilobaiti 300 hivi kila moja. Faili likawa megabaiti 4 na kidogo.

Kuna na wa mwisho, kijana mwenye simu aliyotumiwa na mjomba kutoka Marekani. Programu yake ya simu hutoa karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279. Haijui kwamba sisi ni watu wa A4. Ukichapa Letter kwa ukubwa halisi kwenye A4, kushoto na kulia kila upande unapoteza milimita tatu.

Nikamfungulia mama kurasa zake moja moja. Fomu ilifuatana, mhuri ulikuwa duara, kitambulisho kilikuwa saizi ya kitambulisho. Kwenye ukurasa wa 11, pembeni mwa barua ya chifu, leso ilikuwa bado inajisema. Nikamwuliza kama nikate.

Akaisoma, akacheka peke yake. "Hiyo iache," akasema. "Na unichapishie nakala nyingine hiyo hiyo, nikambandikie mtu ukutani."