Salamu Moja ya Idi, Vichwa Vitatu: Mwongozo kwa Wanaojiamini

Ndugu yangu unayepanga kuandika salamu moja ya Idi, kuinakili, kisha kuibandika kwa bibi, bosi na rafiki kwa pigo moja ili uwahi kulala, mwongozo huu ni wako. Sikuzuii. Ninachoomba ni kwamba kabla hujabonyeza upate kujua utakachokipata, kwa sababu mimi nilikipata.

Anza na mbegu ya ujumbe. Yangu ilikuwa na mambo matatu: heri ya Idi, msamaha kwa ya mwaka mzima, na habari kwamba naenda Gwata. Mambo hayo yanawahusu watu wote watatu. Tatizo ni kwamba kila mmoja anayasikia kwa sikio lake.

Chukua hilo la safari. Usiandike kamwe "naja Jumatano". Mfungo ni siku 29 au 30, na hakuna ajuaye ni ngapi mpaka mwezi uonekane na Mufti atangaze usiku. Tena wapo wanaofuata mwezi ulioonekana nchi za mbali, kwa hiyo mtaa mmoja unaweza kuwa na nyumba inayokula pilau na jirani yake anasubiri futari. Aliyetaja Jumatano atamkuta bibi ameshapika Jumanne, chakula kimelala. Sema "mosi ya Idi". Neno hilo huhama lenyewe na mwezi, huna haja ya kutuma masahihisho.

Sasa bibi. Bibi yangu ana kitochi, na macho yake yameshakataa herufi ndogo. Ujumbe wake unasomwa na mtoto wa darasa la nne, kwa sauti ya kusomea ubao, chini ya mwembe, mbele ya kila aliyepita kusalimia. Kwa hiyo humwandikii bibi. Unaandika tangazo. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hii:

"Shikamoo bibi. Idi Mubaraka. Mjukuu wako nimefunga zote salama. Nisamehe kwa ukimya wangu. Naja mosi ya Idi kwa basi la asubuhi. Mkono wa Idi nimetuma na ya kutolea."

Nikajisifu. Shikamoo imekaa mbele, maana bibi asiyepata shikamoo kwenye neno la kwanza hayasikii yanayofuata. Msamaha ninaouomba ni wa kosa analolijua, yaani kutopiga simu. Na nimekumbuka ya kutolea, kwa sababu kumtumia mzee hela bila ya kutolea ni kumkata mkono wa Idi mbele ya wakala.

Lakini hesabu herufi, pamoja na nafasi na nukta: 165. Meseji ya kawaida hubeba 160. Zikizidi hata moja, simu inaikata vipande viwili na kukutoza mbili. Ungefuta neno "wangu" tu, ungeshuka hadi 159 na mambo yangekwisha. Ukitaka kuharibu kabisa, ongeza kipicha cha mwezi na nyota. Kipicha kimoja kinailazimisha meseji nzima iandikwe kwa mfumo mwingine, ambao hubeba herufi 70 tu, na 67 kwa kila kipande zikiunganishwa. Salamu yako sasa ni meseji tatu, na kitochi cha zamani kinaonyesha kiboksi kitupu pale ulipoweka mwezi. Mtoto atasoma, "Idi Mubaraka, kiboksi."

Hata hivyo si herufi zilizoniponza. Ni ile sentensi ya mwisho. Mtoto akiisoma kwa sauti, kila mtu chini ya mwembe anajua kwamba bibi ana hela, na kabla ya magharibi atakuwa ameshakopwa na watu wanne. Nikaifuta. Mkono wa Idi nikaamua kuupeleka kwa mkono, na ya kutolea ikabaki mfukoni. Herufi zikawa 128, zimebaki 32. Baada ya "zote salama" nikachomeka: "Dua zako ndizo zilizonifikisha." Jumla 160 kamili. Nasikia mtoto alipofika hapo bibi alimwambia arudie.

Kwa bosi, msamaha ndio mtego. "Nisamehe kwa yote niliyokukosea" ni adabu kwa ndugu, ila bosi akiisoma atauliza moyoni, yote yapi? Asubuhi ataomba daftari la stoo. Mpe shukrani mahali pa msamaha, tena ya kitu kimoja chenye jina. Yangu ilikuwa: "Habari za leo, mkuu. Nakutakia Idi njema wewe na familia. Ahsante kwa kuturuhusu kuwahi futari mwezi mzima. Nitakuwa Gwata, Kibaha, siku mbili za sikukuu, na kazini siku ya kwanza ya kazi inayofuata."

Shikamoo nimeiacha kwa kuwa bosi wangu ni mdogo kwangu kwa miaka. Akiwa mkubwa kwako, iweke na usijivunge. Nimetaja Kibaha kwa sababu Gwata iko Kibaha na nyingine iko Morogoro, na bosi akikutafuta kwa dharura asije akatuma dereva kwenye wilaya isiyo yako. Zile siku mbili ni za serikali, kwa hiyo siombi ruhusa. Natoa taarifa tu. Usimtajie mkono wa Idi, hata kwa mzaha. Na neno "karibu pilau" liogope kama moto. Kwetu karibu haina tarehe ya kuisha.

Rafiki yangu wa karibu ni Mnyamwezi. Mimi Mzaramo. Tangu enzi za misafara ya Bagamoyo hadi Tabora, babu zake walipopita kwetu na mizigo mabegani, watu hawa ni watani, na mtani hatumiwi salamu iliyopigwa pasi. Ukimwandikia "nakutakia wewe na familia" atapiga simu kuuliza nani amefariki. Yake ikawa: "Oya mpagazi, Idi Mubaraka. Mimi nimefunga zote, wewe ulikuwa unakula nyuma ya pazia. Msamaha wangu utaupata ukilipa ile elfu thelathini. Mosi ya Idi niko Gwata kwa bibi, njoo ubebe mizigo, pilau ipo."

Tazama, heri ipo, msamaha upo, safari ipo. Vimevaa kanzu nyingine tu. Ila kanzu hiyo inavaliwa kwa watani peke yao. Rafiki asiye mtani wako ukimwita mpagazi, hiyo Idi mtaisalia vituo tofauti.

Kilichobaki ni kutuma, nayo ndiyo sehemu ambayo wanaojiamini huwa hawaisomi. Usitume zote tatu kwa mkupuo, usiku wa mwezi, ukiwa umelala chali. Mimi nilifanya hivyo. Ya bibi ilifika kwa bibi. Ya bosi ilifika kwa mtani, ambaye kweli alipiga simu kuuliza nani amefariki. Ya mtani nilijaribu kuifuta, lakini alama mbili zilishakuwa za bluu.

Nilikaa nimetazama skrini dakika kumi, huku kule juu kunaandika, kunaacha, kunaandika tena. Mwisho likaja jibu. Miaka minne nimefanya kazi chini yake na sikuwahi kumuuliza kwao ni wapi.

"Mpagazi wa Nzega amepokea," bosi aliandika. "Elfu thelathini sikumbuki. Pilau saa ngapi? Tunakuja sita."

Nikampigia bibi saa nne usiku kumwambia aongeze mchele.