Kabrasha la Kufungia Vitumbua

Nyumbani kwetu hatuna shida ya karatasi za kufungia vitumbua. Kila nikienda semina narudi na kabrasha, na kila kabrasha ni lilelile: slaidi sita katika ukurasa mmoja, nembo ya mfadhili kila pembe, na maandishi ya kutaka miwani juu ya miwani. Mke wangu ameshaacha kuuliza semina ilihusu nini. Siku hizi anauliza tu kama wino wake unachuja.

Najua linavyotengenezwa. Usiku wa kuamkia semina, mwezeshaji amemaliza slaidi zake, macho yamemvimba, anafungua PowerPoint mahali pa kuchapa, anachagua Handouts, anachagua 6 Slides Horizontal, anabonyeza, analala. Slaidi ya siku hizi ina upana wa sentimita karibu 34, na hapo imebanwa ikae kwenye sentimita kama 8. Herufi ya ukubwa wa 24, ambayo mtu wa kiti cha nyuma aliisoma ukutani bila taabu, karatasini inashuka chini ya 6. Barua ya kawaida tunaiandika kwa herufi ya 11 au 12. Sasa hebu niambie, nani alikaa akaamua kwamba washiriki wa semina wana macho ya mwewe?

Iliyonichemsha nyongo kabisa ni semina moja ya mikopo kwa wafanyabiashara wadogo. Kijana mtanashati, suti imenyooka, akapandisha ukutani jedwali la miezi 12 lenye safu tano, akaanza kulisoma. Nasi tulikuwa nalo hilohilo mkononi. Yeye yuko mwezi wa nne, mimi nimeshafika wa tisa kwa sababu jicho lina mbio kuliko mdomo, na jirani yangu, mama mmoja wa mgahawa, keshaachana na vyote viwili anaangalia soda zinavyopangwa mezani. Mwisho akanyoosha mkono.

“Mwanangu, mimi nikikopa milioni moja na laki mbili, narudisha shilingi ngapi?”

“Mama yangu, hiyo ipo slaidi ya 14.”

Mama akaifunua karatasi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. “Baba,” akaninong'oneza, “hii 14 si ndiyo hii nyeusi?” Ndiyo yenyewe. Ukutani ilikuwa na rangi ya bluu iliyokolea na maandishi meupe. Mashine ya steshenari, isiyojua rangi, ikaigeuza giza totoro.

Swali la yule mama ndilo lililopaswa kuligawa somo: hiki kiende ukutani, hiki kiende karatasini. Tuchukue mkopo wake huo wa 1,200,000, miezi 12, riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Mkopeshaji wa kwanza anatoza riba isiyopungua: kila mwezi asilimia 2 ya deni zima la mwanzo, yaani 24,000, hata mwezi wa mwisho ambapo unadaiwa laki moja tu. Riba yote ni 288,000. Wa pili anatoza asilimia hizohizo 2, ila kwa deni lililobaki. Ukilipa laki moja ya deni kila mwezi, riba inaanza 24,000, inafuata 22,000, inafuata 20,000, mpaka mwezi wa mwisho 2,000. Jumla 156,000. Tangazo dirishani linasema asilimia 2 kote kuwili, na tofauti ni 132,000, hela ya magunia ya mkaa.

Ukutani hapo panahitajika mchoro mmoja tu. Mstari wa kwanza umelala kwenye 24,000 toka mwanzo hadi mwisho, wa pili unateremka mpaka 2,000. Basi. Hakuna jedwali, hakuna aya. Ukumbi mzima unaona kwa pamoja, na mdomo wa mwezeshaji unabaki na kazi ya kueleza kwa nini ule mmoja haushuki. Watu wakiguna, ujue umeeleweka.

Jedwali ndilo la karatasini, kwa sababu jedwali ni kazi ya kalamu. Na usilijaze lote. Jaza miezi mitatu ya kwanza ili mtu aone hesabu inavyokwenda, acha tisa wazi ajaze mwenyewe palepale, kisha weka jedwali jingine tupu kwa ajili ya mkopo wake halisi, ule ulioko kwenye mkoba wake. Kabrasha la namna hii halitolewi mlangoni pamoja na kalamu na chupa ya maji, maana watu wataanza kulijaza wakati wewe bado unatambulishana na mgeni rasmi. Ligawe baada ya mchoro, halafu, naomba sana, nyamaza. Wawezeshaji wetu wakiona ukumbi umeinama unaandika wanaona aibu, wanaanza kusimulia.

Kuna kingine kinachokaa karatasini tu: yale ya “lakini”. Wakopeshaji wengi wa riba inayoshuka hawataki marejesho yanayobadilika kila mwezi, wanayasawazisha. Kwa mkopo wa mama yetu atalipa karibu 113,500 kila mwezi, na riba yote itafika karibu 161,700, siyo 156,000. Ukilipandisha hilo ukutani umeuharibu mchoro na umewachanganya watu. Usipoliandika popote, mama ataenda kwa mkopeshaji, aone hesabu haifanani na yako, akuite mwongo. Mistari miwili chini ya jedwali inatosha, na chini yake maswali ya kumwuliza mkopeshaji: riba inakokotolewa kwa deni lipi, ada ya fomu ni kiasi gani, nikimaliza mapema riba iliyobaki inafutwa au la.

Vyote hivyo vinaenea karatasi moja ya A4, mbele na nyuma, kwa herufi ya 12. Mchoro uurudie, mdogo, wenye kichwa kilekile cha ukutani ili mtu ajue hapa ni pale. Ila mstari mmoja uwe mzima na mwingine wa vipandevipande, kila mmoja umeandikwa jina lake juu yake. Ukitegemea nyekundu na kijani, steshenari itawafanya pacha.

Wala sio mimi peke yangu ninayenung'unika. Edward Tufte, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 2003 alitoa kijitabu kizima cha kuilalamikia PowerPoint, na dawa aliyoipendekeza ni karatasi: shiti moja kubwa iliyokunjwa katikati, kurasa nne, gawia watu wasome. Profesa alifika mbali kuliko mimi. Mimi projekta namwachia mwezeshaji, maana bila ile taa wengine wetu tungesinzia kabla ya chai.

Wakati wa soda nilimfuata yule kijana. “Mzee wangu, shikamoo,” akasema kwa adabu zote. “Ila si kila kitu kimo kwenye kabrasha?”

“Marahaba. Lete kalamu.”

Nikamwonyesha kipimo changu: weka slaidi na kabrasha ubavu kwa ubavu, kata kwa kalamu kila kilichomo kwenye vyote viwili, kinachosalia ndicho ulichowapa watu zaidi ya ulichowasomea. Tukakata pamoja, ukurasa kwa ukurasa, yeye akitabasamu kwa shida. Zikasalia namba za kurasa.