Kodi Imepanda Katikati ya Mkataba

Ujumbe wa baba mwenye nyumba uliingia mwezi Machi: kuanzia Aprili, kodi ya vyumba vyetu viwili na sebule pale Sinza inapanda kutoka 300,000 hadi 400,000, na ya miezi sita ilipwe kwa mkupuo. Ni milioni mbili na laki nne. Mke wangu akachomoa mkataba kabatini: unaisha 30 Juni. Tanzania ilishafuta sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, kwa hiyo silaha zetu zilikuwa mkataba huo na bei ya mtaa.

Tukagawana kazi: mimi kwa madalali, yeye kwa wapangaji wenzetu. Dalali hutaja bei inayoombwa, mpangaji anajua iliyolipwa. Kumbe dalali mmoja alidhani tunahama. Jumamosi akatubishia hodi na mteja, ugali ukiwa jikoni. Mteja akauliza bomba liko wapi, akaonyeshwa uani. Akauliza luku, nikamjibu tunachangia kaya tatu. Akatikisa kichwa: "Kwa laki tatu na themanini? Labda tatu na ishirini." Dalali akanuna, mke wangu akafuata kalamu. Usiku ule tukaandika:

"Mzee, shikamoo. Tumepokea ujumbe wako, na hatukatai kwamba bei hupanda. Ila mkataba wetu unaisha 30 Juni, na hauna kipengele cha kubadili kodi kabla ya hapo. Tunaomba kodi mpya ianze 1 Julai.

Kuhusu kiasi, tumeulizia nyumba tatu za mtaa huu, zote vyumba viwili na sebule. Ya kwanza inalipiwa 300,000, luku ya kuchangia kama yetu. Ya pili 340,000, ina luku yake na maji ndani. Ya tatu ndiyo 400,000, lakini ina ukuta, geti, malumalu na pa kuegesha gari. Nyumba yetu iko kati ya ya kwanza na ya pili, kwa sababu jiko letu ni kubwa na dari ni jipya. Tunaomba iwe 320,000. Ukituwekea luku yetu, tutalipa 330,000. Tuko tayari kukupeleka uzione zote tatu."

Hatukuitaja bei ya yule mteja, maana aliisema tu, hakuilipa.

Mzee alikuja Jumapili, akaenda kuiona ile ya pili tu. Aliporudi alishika bomba la uani, akalifungua, likatoa upepo. Akakubali 330,000 pamoja na luku. Milioni moja, laki tisa na themanini kwa miezi sita: nyongeza ya laki moja na themanini badala ya laki sita.

Mke wangu hakuridhika na mdomo. Kwenye mkataba mpya aliongeza mistari miwili: kodi haibadiliki kwa mwaka mzima, na taarifa ya kuipandisha itolewe kwa maandishi miezi miwili kabla ya mkataba kwisha. Mzee akasaini, mjumbe akashuhudia.