Sifa za Msanii Aliyeingia Mitini

Muyaka bin Haji aliwasifu Wamazrui na Mombasa yao, na washairi wa Pwani waliomfuata hawakukosa wa kumsifu: bibi harusi, shehe, hata mgombea ubunge. Mimi ninayeshika karatasi ya majina kwenye jioni za openi maiki huku bara, leo Likoni, mwezi ujao Kisauni au Changamwe, sijawahi kusikia hata ubeti mmoja uliotungwa kwa heshima ya mtu anayetuokoa sote. Namaanisha yule anayejiandikisha mapema kuliko wote, jina lake la kisanii kwa herufi kubwa, mstari chini yake, halafu siku ikifika haonekani. Nipeni dakika tano nimsifu. Nikizidisha, nimulikeni tochi.

Wanaomlaani hawajapiga hesabu. Chukua Jumamosi moja ya Likoni. Ukumbi tunao kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku, maana ikigonga saa mbili mlinzi anatikisa funguo, na kanuni za kitaifa za kelele za mwaka 2009 zinahesabu kuwa usiku umeingia. Hizo ni dakika 180 za kwenye karatasi. Nusu saa ya kwanza inaliwa na kusubiri watu wavuke feri, kwa hiyo zimebaki 150. Adhana ya magharibi ikilia maiki inazimwa, na mpaka watu waswali na kurudi vitini zimekwenda 20 nyingine. Tuna 130. Kila msanii ana dakika 5, lakini ongeza 2 za kumwita, kumpigia makofi, na kutafuta waya wa gitaa ambao ulikuwepo hapa sasa hivi. Dakika 7 kwa kila jina zinanipa watu 18, na dakika 4 za kupumua.

Karatasi yangu ina majina 24. Yote yakiitika nahitaji dakika 168. Tofauti hiyo ya dakika 38 hailipwi na mfadhili wala na mwenye ukumbi. Analipa yeye, mhisani wetu, yeye na wenzake watano, kwa kukaa nyumbani. Mashirika ya ndege huuza tiketi kuzidi viti kwa kuamini kwamba kuna abiria watakaokosa safari, na yana wataalamu wanaolipwa kukisia ni wangapi. Mimi sina mtaalamu. Nina simu.

Kumtambua mapema ni kazi nyepesi. Unampigia saa kumi na moja na nusu, anakwambia, “Niko kwa feri, kaka, navuka sasa hivi.” Hapo usigombe. Muulize kwa upole tu: upande gani? Aliye kwa feri kweli atajibu kabla hujamaliza, tena kwa hasira, na nyuma yake utasikia honi na watu elfu wanaosukumana. Aliyeko kitandani Mtopanga atanyamaza kidogo, kisha atasema, “Huku huku.” Mchoree alama ya nyota pembeni ya jina lake. Nyota hiyo ina thamani ya dakika 7. Kivuko cha Likoni kimebeba mengi, lakini hakuna mzigo kilioubeba kwa uaminifu kama visingizio vyetu. Daraja la kuelea la Liwatoni lilipofunguliwa nilihofia kwamba sanaa ya Pwani imekwisha, kwa kuwa mtu angeweza kuvuka kwa miguu. Hofu ya bure. Wakawa kwa feri na kwa daraja kwa wakati mmoja.

Fadhila yake ya pili ni mpangilio. Watu hudhani karatasi inafuatwa kama ilivyoandikwa, anayetangulia kuandika atangulie kupanda. Ukifanya hivyo jioni inakufa saa moja. Kila msanii huja na marafiki zake, na rafiki wa msanii akishampigia mwenzake makofi huanza kutazama mlango. Kwa hiyo anayekuja na kundi kubwa unamweka nambari ya pili kutoka mwisho, ili kundi lake likae na kuwasikiliza wengine. Mwenye gitaa unampanga mara baada ya magharibi, akaze nyuzi wakati watu wako msikitini. Warepu wanaotumia midundo ya kwenye fleshi wafuatane, kompyuta iunganishwe mara moja. Mashairi ya msiba yasiwe matatu mfululizo. Na wa Kisauni na Changamwe wasiwe mwisho, kwa kuwa wana feri kwanza, halafu matatu ya pili, ndipo waone kwao.

Inabaki nambari moja, ambayo hakuna anayeitaka. Viti vitupu, spika bado inakoroma, na mtu wa sauti anasema “tesi, tesi” juu ya ubeti wako. Hapo ndipo ninapomweka mwenye nyota. Namwita mara ya kwanza, ukumbi unatulia. Namwita mara ya pili, watu wanageuka kutazama mlangoni, waliokuwa nje wanachungulia kuona ni nani huyo anayengojwa hivi. Kufikia mara ya tatu wameshaingia na kuketi. Jina lake nalishusha mkiani, ndiyo sheria, na nambari mbili anapanda mbele ya watu. Niambieni ni msanii gani aliyekuja aliyewahi kukusanya watu kiasi hicho bila kufungua kinywa.

Halafu kuna wa akiba. Chini ya mstari wa 24 huwa naacha nafasi, na kila mara kuna binti aliyekuja “kusindikiza tu” ambaye daftari lake lina kona zilizokunjika. Huyo hajiandikishi kamwe. Lakini ukisema kuna nafasi imeachwa wazi, anajitazama, anatazama mlango, anapanda. Anasoma dakika mbili na nusu, anashuka. Hajasema “kabla sijaanza”, hajatueleza shairi lilimjia vipi.

Kwa kuwa ubaya wa wanaokuja ni huo: wanakuja na utangulizi. Dakika ya nne nawasha tochi ya simu kutoka kando ya jukwaa, ya tano napandisha muziki taratibu, ya sita napunguza maiki. Lakini mshairi wetu husoma akiwa amefumba macho, tochi ataionea wapi? Kule Chicago, Marc Smith alikoanzisha mashindano ya ushairi wa jukwaani miaka ya 1980, ikaja kuwa kanuni: dakika 3, na sekunde 10 za huruma, baada ya hapo unakatwa nusu alama kwa kila sekunde 10. Sisi hatutoi alama, tutakata nini? Anayezidisha dakika tatu ameshakula karibu nusu ya nafasi ya mwenzake, na anashuka akisema ameharakisha. Mwenye nyota, katika maisha yake yote ya usanii, hajawahi kuzidisha hata sekunde moja.

Mwaka jana kulitokea jioni moja ambayo wote walikuja. Wote 24, hata wa Mtopanga, amevaa suti. Ilikuwa balaa. Ilipofika saa moja na nusu nilikuwa na watu tisa mkononi na nusu saa tupu. Nikatangaza dakika tatu, na aliyekuwa amefanya mazoezi ya dakika tano akauliza aruke ubeti upi. Wawili walipanda pamoja wakasomeana juu. Suti ilipewa maiki mlinzi akiwa ameshazima taa za nyuma, na binti wa daftari aliondoka kimya kimya nisijue saa ngapi.

Orodha ya mwezi ujao imefungwa jana. Nimeandika majina 25, na 7 kati yake nayategemea kabisa.